Swali Nililoliweka Mwishoni mwa Video

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumjibu mtu ambaye sikuwa nimemsikiliza.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nafanya kazi katika duka la picha Karatu. Nilirekodi harusi na vipaimara. Hakuna aliyenifundisha, nilijifunza kwa kuharibu kanda za watu na kuomba radhi. Rafiki yangu mmoja, kijana wa Endulen aliyekuwa akijifunza kazi ya kuongoza watalii, alikuja dukani na jambo la mdogo wake wa kike. Binti alikuwa darasa la saba. Tangu ukame uwamalizie ng'ombe, alishinda kando ya barabara amevaa shanga, akisubiri magari ya watalii yasimame apigwe picha kwa malipo. Mwalimu mkuu alikuwa amesema wazi: asiporudi kabla ya majina ya mtihani kupelekwa wilayani, jina lake halitakuwemo.

Wazazi walikuwa na mkutano shuleni baada ya wiki tatu. Rafiki yangu alitaka video ya dakika nne, mtu mmoja akiongea mbele ya kamera, aseme msimamo wake halafu wazazi wajadiliane.

"Kwa nini usisimame wewe ukasema?" nilimuuliza.

"Mimi nikisimama wataniuliza ng'ombe wangu wako wapi. Televisheni haiulizwi."

Niliandika usiku na mchana. Kila sentensi niliyoipenda asubuhi niliichukia jioni. Katika mswada wa kwanza niliandika: "Wapo wazazi wanaopenda shilingi kuliko elimu." Niliona nimesema jambo zito. Rafiki yangu aliisoma, akanitazama.

"Huyu mzazi ni nani?"

"Ni mfano tu."

"Mfano wa mama yangu? Basi kamwambie mwenyewe, tuone kama utarudi Karatu na masikio mawili."

Tukapanda lori la mahindi hadi Endulen. Mama yake alikuwa amekaa nje ya nyumba, anatunga shanga kwenye waya. Nilimwamkia kwa Kimaa, lugha ya Wamasai, kama nilivyofundishwa njiani, nikimwita yeyo, yaani mama.

"Takwenya, yeyo."

"Iko," alijibu, bila kuinua macho. "Wewe ndiye utakayenisema kwenye televisheni?"

Nilianza kujieleza, nikajikanyaga. Alicheka kidogo, akaniambia nikae. Kisha akasema polepole, kwa Kiswahili chake cha mnadani, nami nikaandika. Alisema shule inataka sare, daftari na michango. Alisema ng'ombe waliokuwa wakilipa hivyo vyote ni mifupa sasa. "Nyinyi wa Karatu na Buger mnalima. Sisi hapa hifadhini haturuhusiwi kulima. Barabara ndiyo shamba langu. Unaniambia nisilime?"

Bado niliamini mtoto wa shule hapaswi kuwa barabarani saa za masomo, ila sasa niliamini huku nimeona aibu. Nadhani hiyo ndiyo hali pekee ambamo mtu anafaa kuandika maoni yake.

Nilirudi nikaanza upya. Msimamo wangu niliuweka sentensi ya kwanza, bila kuzungukazunguka, ili mtu asihisi anategwa: "Mtoto wa shule hapaswi kusimama barabarani kupigwa picha saa za masomo." Halafu nikaweka hoja ya yule mama, karibu neno kwa neno, kwa nguvu yake yote, kabla ya kusema kwa nini bado sikubaliani nayo. Sababu nilibakiza moja tu: picha italipwa leo, lakini mtihani haumsubiri mtu. Swali la mwisho ndilo lililonitesa zaidi. Mwanzoni lilikuwa, "Je, hutaki mwanao asome?" Hilo halikuwa swali, lilikuwa kofi. Nililibadili mara nyingi hadi likawa: "Wewe mzazi, ungehitaji nini ili mwanao awe darasani Jumatatu?"

Kurekodi kulichukua siku mbili. Rafiki yangu alishika karatasi ya manila yenye maneno kando ya kamera, lakini macho yangu yalikimbia kushoto na kulia kama ya mtu anayedanganya. Ikabidi nikariri aya moja moja, nirekodi, nipumzike. Kisha nikakaa kwenye kompyuta ya duka nikakata kila pumzi, kila kigugumizi, kila mahali niliponyamaza. Ilitoka safi. Niliipenda, na mimi sipendi kitu changu.

Siku ya mkutano tulibeba televisheni na deki ya dukani, ile iliyokuwa ikionesha harusi mchana kutwa kuvutia wateja. Jenereta niliiweka nje ya darasa. Na hapa sina budi kukiri: video ilipoanza, nilitoka. Sikuweza kuutazama uso wangu huku watu wanautazama. Nilisimama karibu na jenereta, nikajidai naangalia mafuta.

Yaliyotokea ndani niliambiwa na rafiki yangu, na mengine niliyaona dirishani nilipojikaza mwishoni.

Walisikiliza. Hoja ya mama ilipofika, yeye mwenyewe aliguna, "Ee, ee," kama watu wa kwao wanavyomwitikia mtu anayeongea. Swali lilipoulizwa, akasimama. Hakuna aliyemtuma. Alishika fimbo aliyopewa na mzee wa pembeni yake, maana pale mwenye fimbo ndiye mwenye neno, akaigeukia televisheni kama anavyomgeukia mtu.

"Mimi nitakujibu," alisema. "Binti anaweza kurudi Jumatatu, kama..."

Deki ilikuwa imewekwa ijirudie. Ndivyo ilivyokuwa dukani, harusi ikiisha inaanza tena, nami sikukumbuka kuigusa. Baada ya swali langu sikuwa nimeacha hata sekunde moja. Sauti yangu ikatoka kubwa, safi, bila pumzi: "Mtoto wa shule hapaswi kusimama barabarani kupigwa picha saa za masomo."

Darasa zima likacheka. Yule mama akangoja, akidhani nitamaliza. Nikaendelea. Nilieleza hoja yake yeye mwenyewe, mbele yake, akiwa amesimama na fimbo mkononi. Mtu mmoja akapiga kelele, "Mama, kaa, mwenzako hajamaliza!" Wakacheka tena. Wakati huo nilikuwa nakimbilia mlangoni. Nilipoizima, alikuwa ameshairudisha fimbo.

"Yeyo, tafadhali," nilisema. "Malizia. Ulisema kama nini?"

Alinitazama kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Wewe uliyeniuliza ulikuwa wapi?"

Akamgeukia mwanawe, akasema kwa Kimaa jambo ambalo sikulielewa isipokuwa neno moja, layoni, mtoto wa kiume ambaye hajatahiriwa, nami nikajua ananisema mimi. Akatoka. Mwalimu mkuu alijaribu kuendesha mjadala. Wazazi wawili wakasema video ni nzuri sana. Hakuna aliyesimama tena.

Wiki ile nilienda kwake mara mbili. Mara ya kwanza nilikuta nyumba imefungwa. Mara ya pili alinipa chai, akazungumzia mvua, na kila nilipofika kwenye lile "kama" aliongeza maziwa kwenye kikombe changu. Rafiki yangu alisema huenda alitaka binti aruhusiwe kukaa barabarani Jumamosi tu. Au alitaka mtu wa kumsaidia kwenye sare. Hatukujua. Orodha ya majina ilipelekwa wilayani bila jina la binti.

Nimetengeneza video nyingine za maoni tangu wakati ule. Siku hizi naacha kimya kirefu baada ya swali, nakaa mbele ya watu wakati ikioneshwa, na mkono wangu hautoki kwenye kitufe cha kuzima. Yule binti hakurudi shule.