Picha Mia Mbili na Kumi na Nne

Duka letu liliuza vipuri vya cherehani, na ndani ya duka hilo mwanamke mmoja tu alijua kila kitu kilipo. Tulimwita Mama Droo. Jina lake halisi lilikuwa kwenye karatasi za mishahara na sidhani kama kulikuwa na mtu aliyelitumia. Alikuwa na droo arobaini na nane za mbao, zimepangwa ukutani kutoka sakafuni hadi usawa wa kichwa, na ungemwomba springi ya kushikilia uzi ya mashine ambayo kiwanda chake kilishafungwa, angenyoosha mkono bila kugeuka. Mafundi cherehani walipenda kumtania. Mmoja alimuuliza kama hata mume wake alimtengea droo. Akasema, "Nilisahau kumpa. Ndiyo maana alipotea."

Mimi nilikuwa mfungaji wa mizigo. Meza yangu ilikuwa nyuma ya kaunta, karibu na dirisha, kwa hiyo niliyoyaandika hapa niliyaona au niliyasikia mwenyewe.

Mwaka ule Mzee, mwenye duka, aliamua kufunga kaunta na kuuza kwa mtandao tu. Kodi ya jengo ilikuwa imepanda na mafundi wengi walikuwa wameanza kuagiza kwa simu. Alituita sote na kutueleza kwamba stoo ingehitaji mtu mmoja tu. Kisha akamgeukia Mama Droo, akamwambia mbele yetu kwamba kazi ya kupiga picha za bidhaa zote na kuziweka mtandaoni ni yake, na ikienda sawa yeye ndiye atakayebaki. Mama Droo alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Alikuwa na binti chuoni, mwaka wa pili. Alijibu kwamba ataanza kesho yake.

Kwa kuwa alikuwa mtu wa kupanga, kabla ya kupiga picha hata moja alimaliza siku tatu akiipa kila bidhaa namba. Droo ya saba, kitu cha kumi na mbili, ikawa D07-012. Nilimuuliza kwa nini sifuri zote hizo. Akanieleza kwamba kompyuta ikipanga majina inaweza kusoma herufi moja moja kama mtoto anayejifunza kusoma, kumi ikaja mbele ya mbili, na namba ikianza na sifuri bila herufi mbele yake jedwali huikata sifuri hiyo bila kukuuliza. Ndiyo maana akaweka ile D.

Kisha akakata vipande vya karatasi elfu moja mia tatu na kumi na viwili, kwa kuwa bidhaa zilikuwa idadi hiyo, na juu ya kila kimoja akaandika namba kwa kalamu nene. Alipiga picha kwa simu yake mwenyewe, juu ya kitambaa cheupe. Kwanza alipiga karatasi yenye namba, halafu kitu chenyewe kwa mbele, halafu kwa nyuma. Kisha karatasi inayofuata. Simu hazijui kutoa jina la maana. Picha zake zote huitwa namba zinazofuatana tu, na bila ile karatasi ukiangalia vikombe thelathini vya bobini, vile vinavyoshika uzi wa chini, huwezi kujua kipi ni kipi. Vipuri vilivyokuwa na namba ya kiwanda iliyogongwa chini yake alivipiga picha ya tatu, ili fundi alinganishe na cha kwake.

Kazi hiyo ilichukua wiki tatu. Alipomaliza akazihamishia picha kwenye kompyuta ya duka, na hapo ndipo Mkwe alipoingia.

Mkwe alikuwa mume wa binti wa Mzee. Alikuwa ametoka kwenye kazi moja na hajapata nyingine, na Mzee alimpa dawati ili binti yake asimlaumu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haraka, na haraka yake ilikuwa na heshima zaidi pale dukani kuliko utaratibu wa Mama Droo. Mama Droo alimwambia Mzee anahitaji wiki moja kubadili majina ya faili, kila picha ipate namba ya bidhaa yake. Mkwe akacheka, akasema kazi hiyo ni ya mchana mmoja.

Aliifanya kweli kwa mchana mmoja. Kwanza akafuta picha zote za karatasi, kwa kuwa ni takataka zinazojaza nafasi. Kisha akachagua picha zote zilizobaki na kuzibadili majina kwa mkupuo: moja, mbili, tatu, hadi mwisho. Kwenye jedwali, ambalo Mama Droo alikuwa amelipanga kwa mpangilio wa droo, akaweka fomula: bidhaa ya kwanza picha ya kwanza na ya pili, bidhaa ya pili picha ya tatu na ya nne, akavuta hadi chini. Mstari ukafuata mstari, vizuri kabisa. Akafungua bidhaa kumi za juu, zote zikalingana na picha zake. Akamwita Mzee aje aone.

Mama Droo alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Mkwe, mikono ndani ya mifuko ya aproni.

"Zimebaki picha ngapi?" akauliza.

"Zilizobaki ni marudio," Mkwe akasema. "Mama, ulipiga nyingi mno."

"Ngapi?"

Akaangalia. "Mia mbili na kumi na nne."

"Mimi sipigi marudio. Hebu fungua bidhaa ya mwisho kabisa, tuone."

"Mama Droo, juu ziko sawa, chini zitakuwaje vibaya? Kompyuta haichoki kama sisi."

Mzee akamwambia Mama Droo amwache kijana afanye kazi. Mkwe akazifuta zile mia mbili na kumi na nne, akapakia jedwali zima. Mimi nilikuwa nakata utepe wa gundi. Niliiandika hesabu hiyo kwenye daftari langu la mizigo, pembeni, kwa sababu yule mama aliiuliza mara mbili na yeye hakuwa mtu wa kuuliza mara mbili.

Kosa lilikuwa hili. Bidhaa kumi na moja za kwanza zilikuwa na picha mbili mbili. Ya kumi na mbili ilikuwa na tatu. Kuanzia ya kumi na tatu kila kitu kilisogea kwa picha moja, na kila ilipotokea bidhaa nyingine yenye picha tatu kikasogea tena. Zile zilizofutwa kama marudio zilikuwa picha za droo tatu za mwisho na kipande cha ya nne. Huko chini picha zilikuwa nyuma ya bidhaa zake kwa vitu zaidi ya mia.

Fundi anaona picha ya mguu wa kushonea zipu, anaagiza, mimi nafunga kwa namba, naye anafungua kifurushi na kukuta meno ya kusukuma kitambaa. Wiki ya kwanza vilirudi vifurushi kumi na tisa. Mwalimu mmoja wa ushonaji alipiga simu mwenyewe, akaongea kwa upole uliotuuma zaidi ya matusi: mashine zake sita zimesimama na wanafunzi wake wana mtihani wa vitendo Jumatatu.

Mzee akatuita. Kifurushi cha mwalimu kilikuwa mezani kimefunguliwa. Mkwe akasema yeye alitumia picha kama alivyozikuta, na kama mpigaji alichanganya vitu, kompyuta ingejuaje. Mzee akamtazama Mama Droo, akamuuliza kama hilo linawezekana, kwamba alichoka akachanganya. Mama Droo akasema haliwezekani, na akataja ile mia mbili na kumi na nne. Mkwe akasema hakumbuki hesabu kama hiyo.

Mama Droo hakunitazama. Daftari lilikuwa mezani kwangu, hatua nne kutoka pale, na kazi ya kufunga mizigo nayo ilikuwa ya mtu mmoja tu. Nikanyamaza. Hilo nalo naliandika.

Kilichomwokoa, kama ni kuokoka, ni kwamba picha zote zilikuwa bado kwenye simu yake, pamoja na zile za karatasi. Angeweza kukaa kimya. Bila picha sahihi wangemhitaji kila siku, maana ni yeye tu aliyejua kitu kwa kukiona. Nilimwambia hivyo tukiwa tunaosha vikombe vya chai. Akasema mwalimu ana mtihani Jumatatu. Kifurushi cha mwalimu alikifunga yeye mwenyewe siku ileile, kwa kukumbuka, na kilikuwa sahihi.

Akaanza upya. Alizipanga picha kwa mpangilio wa kupigwa, akazitazama zikiwa kubwa kidogo kwenye skrini. Kila palipoonekana karatasi, picha zilizoifuata hadi karatasi nyingine zilikuwa za namba hiyo. Akazichagua kwa kundi na kuzibadili kwa programu ndogo: D07-012_1, D07-012_2, na ya tatu kama ipo. Kisha akatoa orodha ya majina ya faili yote, akaibandika kwenye jedwali na kuilinganisha na safu ya namba, pande zote mbili: bidhaa ipi haina picha, picha ipi haina bidhaa. Zikatoka bidhaa mbili alizoruka. Akazipiga. Akapakia kumi kwanza kwa majaribio, na hakuzichukua juu. Alichukua moja droo ya tatu, moja ya ishirini, nane kutoka droo za mwisho. Zilipokaa sawa ndipo akapakia zote. Siku sita.

Vifurushi vikaacha kurudi. Mzee alikuja stoo, akakaa kwenye kompyuta, akaandika namba yoyote tu iliyomjia, akaona picha, akaenda kwenye droo na kukitoa kitu mwenyewe. Alifurahi kama mtoto. Akarudia mara tatu.

"Kwa hiyo sasa hata mgeni anaweza kupata kitu humu," akasema.

"Anaweza," Mama Droo akasema.

Barua yake ilikuja mwisho wa mwezi. Ilisema mpangilio mpya hauhitaji tena mtunza stoo mzoefu, na ikamshukuru. Mkwe ndiye aliyebaki stoo. Siku ya mwisho Mama Droo aliweka kila karatasi ndani ya droo yake, kila moja juu ya kitu chake, akanikabidhi aproni iliyokunjwa. Nikaanza kumwambia habari ya daftari. Akasema alijua, aliniona nikiandika siku ile.

Miezi saba baadaye ilikuja shehena ya vipuri vipya, bidhaa themanini. Mkwe akapiga picha, akapakia kwa mkupuo kama mwanzo, na vifurushi vikaanza kurudi. Akaniomba nimpigie Mama Droo, maana yeye aliona haya. Nilipiga. Nikamweleza yote, akasikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Nyuma yake niliisikia redio.

"Zilibaki picha ngapi?" akauliza.

Nikamwambia ishirini na tisa.

Akasema mvua inakaribia na ana nguo kwenye kamba, akakata simu.