Ripoti ya Maharage Yaliyoliwa

Kati ya wakubwa wote niliowahi kuwafanyia kazi, aliyenitesa kuliko wengine alikuwa mtu mkweli. Wezi nimefanya nao kazi pia, na nilijua jinsi ya kuishi nao. Huyu sikujua.

Alikuwa Mganda, mtoto wa askari, aliyekulia ndani ya kambi ya jeshi ya Makenke. Sisi wakimbizi tulimwita afande, ingawa maishani mwake hakuwahi kushika kitu kizito kuliko kalamu. Aliongoza chama kidogo cha kanisa chenye ofisi ya chumba kimoja Nyamityobora, pale Mbarara. Mimi natoka Kivu Kusini, Kongo, nilikuwa naishi kambi ya wakimbizi ya Nakivale, na aliniajiri nizungukie wajane waliosaidiwa na chama, nitafsiri, nimweleze ninachokiona. Malipo yangu yalitosha sabuni na chumvi.

Mwaka ule mfadhili mmoja wa Ulaya alitupa fedha za mbegu za maharage. Zilikuja kwa mafungu mawili. Fungu la pili lisingetumwa mpaka ripoti ya fungu la kwanza isomwe na ikubaliwe, na hilo kila mjane alilijua vizuri kuliko sala ya jioni. Mbegu tulizinunua Mbarara, safi, hazina dawa, risiti zote zipo. Tukazigawa, kila mjane akabeba mfuko wake, tukasubiri mvua.

Mvua ilichelewa kidogo, lakini malori ya posho, chakula chetu cha mwezi, yalichelewa zaidi. Posho ilikuwa kazi ya shirika jingine, na huwezi kumuuliza mtu kuhusu lori lisilo lake. Mvua ilipofika, nzuri kabisa, maharage yalikuwa yameshapikwa.

Afande akaja kukagua mashamba kwa ajili ya ripoti. Akakuta magugu matupu. Wajane walikuwa wameshakubaliana la kusema: jua. Jua limechoma kila kitu. Nami nililiunga mkono, kwa sababu jua halina kosa la kujibu na halifukuzwi kwenye mradi. Lakini yule bwana akavua kofia, akaketi nao chini kwenye mkeka.

"Wamama, mimi nataka kweli tu," alisema. "Hapana ogopa. Hakuna mtu atashika nyinyi. Mfadhili anasema, kama mradi naanguka, sema naanguka. Yeye anataka kujifunza."

Aliyejibu alikuwa jirani yangu, mjane mwenye watoto wanne, ambaye ua wake na wangu ni mmoja.

"Tulikula," alisema. "Batoto balilala njaa siku mingi. Mbegu ilikuwa mu nyumba. Weye ungefanya nini?"

Nilimkasirikia. Nilimkasirikia kwa sababu alikuwa amemwamini afande. Wengine wakafuata, mmoja mmoja, wakieleza walivyopika na chumvi au bila chumvi, na afande akaandika huku machozi yakimlengalenga.

Ripoti aliichapa mbele yangu, Nyamityobora, akinisomea kwa Kiswahili kila kipande ili nihakikishe. Chini ya mapungufu: sehemu kubwa ya mbegu haikupandwa, ililiwa. Sababu: posho ilichelewa. Chini ya tuliyojifunza: mwenye njaa hawezi kutunza mbegu, kwa hiyo tunaomba ruhusa sehemu ya fungu la pili inunue unga, watu wale mpaka wavune. Hakuficha hata shilingi. Nilirudi Nakivale nikiwa nimeanza, Mungu anisamehe, kumwamini na mimi.

Jibu likaja. Mfadhili alitusifu sana. Alisema ripoti yetu ni mfano wa uwazi na angependa kuwaonyesha wengine. Kuhusu unga, alisikitika: chakula si eneo lake, fedha za mbegu ni za mbegu. Ila somo amelipata. Fungu la pili limekubaliwa, kwa sharti kwamba safari hii mbegu zipakwe dawa ya sumu yenye rangi, ili zisiweze kuliwa.

"Angalau wamekubali," afande aliniambia. Nilitamani kumpiga.

Siku ya kugawa, jirani yangu alifungua mfuko wake palepale. Maharage yalikuwa na rangi ya waridi, yanapendeza kama peremende. Nilitafsiri onyo: hii ni sumu, usile, usimpe mtoto, usimpe kuku.

"Dada," aliniuliza, "hii njo majibu ya ile maneno nilisema?"

Nikamwambia ndiyo. Akacheka mpaka akaketi chini, na hakuna aliyecheka naye.

Posho ikachelewa tena. Asubuhi moja aliniletea watoto wake wote wanne, wakubwa wameshika wadogo. Alikuwa ameosha maharage kwenye beseni, akamwaga maji, akaosha tena, mpaka maji yakaacha kuwa mekundu. Sasa yalikuwa jikoni.

"Nitakula mimi kwanza," alisema. "Ukiona jioni nimesimama, nitawapa. Ukiona nimelala, umwage sufuria mbali, batoto basione."

Nilimsihi. Nilikuwa na kikombe cha unga, nikampa. Akaupokea, akaupika uji wa watoto, kisha akaenda kula maharage yake. Mchana kutwa nilisikia anavyotapika nyuma ya ua. Watoto walicheza. Yule mdogo aliuliza mara kwa mara kama chakula kimeiva. Jioni mama yao akaja amejishikilia ukutani, midomo mikavu, amesimama. Akasema hayakuoshwa vya kutosha, yaoshwe zaidi. Na siku iliyofuata watoto wakala, na wanawake wengine wakaja kumuuliza ameosha mara ngapi.

Tangu wakati ule mikono yake ilitetemeka. Hakuweza tena kutia uzi kwenye sindano, na kushona ndiko kulikokuwa kunampa senti mbili tatu.

Afande alipokuja kukagua kwa ripoti ya mwisho, wajane walisema jua, wote, kwa sauti moja. Jirani yangu alisema jua kwa sauti kubwa kuliko wote. Mimi nikatafsiri jua. Lakini beseni lake lilikuwa pale mlangoni, limeingia rangi ya waridi isiyotoka hata kwa jivu, na afande hakuwa mjinga. Aliliangalia muda mrefu. Kisha akaandika ukweli, kwa sababu hakujua kuandika kitu kingine.

Mfadhili alitushukuru kwa uwazi wetu na akafunga mradi. Alieleza kwamba hawezi kuendelea kutoa kitu kinachohatarisha maisha ya watu. Fedha zilizobaki zikarudishwa zilikotoka, kama mkataba ulivyosema.

Ilibaki fomu ya kufungia, na fomu ilitaka maneno ya wanufaika wenyewe. Afande akawaketisha tena kwenye mkeka, akamtazama jirani yangu, labda akitaka kusamehewa.

"Mama, katika huu mradi wewe umejifunza nini?"

Alikuwa ameficha mikono chini ya kitenge. Alifikiri kwa makini, kwa heshima.

"Nimejifunza jua," alisema. "Siku ingine mutu akiniuliza, nitasema jua tangu mwanzo."

Hapakuhitajika mkalimani, Kiswahili hicho afande alikielewa neno kwa neno. Aliinamisha kichwa. Akaandika, na nilipochungulia begani kwake nikasoma kwa Kiingereza changu kidogo kwamba wanufaika sasa wana uelewa mzuri zaidi wa athari za ukame.