Salamu za Mzee Isdori kwenda Lusaka

Steshenari ya Coleta iko ng'ambo ya stendi ya mabasi, Sumbawanga, katikati ya duka la mbegu na kibanda cha kinyozi. Ukutani pameandikwa: kuchapa, kutoa kopi, kutafsiri. Neno la tatu aliliongeza mwenyewe, kwa rangi iliyobaki alipopaka geti la nyumba yake kule Izia, baada ya kurudi kutoka Arusha. Huko Arusha alikaa miaka mingi mapokezi ya hoteli, na jambo lililomshangaza kuliko mlima na wanyama lilikuwa namna watu wanavyoanza kuzungumza.

Kuna wageni walioweka pasipoti mezani na kusema "Hi" huku mkono wa pili ukidai ufunguo. Kuna mfugaji mmoja wa Kisukuma, alikuja kumtembelea mwanawe mpishi, akamsalimia Coleta hadi chai yake ikapoa. Wenzake wa mapokezi walisema hao wa kwanza hawana adabu. Coleta hakukubali. Aliwaona watu walewale wa "Hi" wakimshikia mlango mtu aliyekuwa mbali kabisa, wakiandika kadi ya shukrani kwa mfagizi ambaye hawakuwahi hata kumsalimia. Heshima wanayo, aliwaza, ila sijui wanaiweka wapi. Tangu wakati huo amekuwa akiitafuta, kama mtu anayetafuta swichi ya taa kwenye chumba cha watu.

Ijumaa moja ya Juni, baridi ya Ufipa ikiwa imewafunga watu makoti mpaka shingoni, waliingia wageni wawili kutoka Kate. Wa kwanza alikuwa Mzee Isdori Tenganamba, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa ulezi. Wa pili alikuwa Fransiska, katibu wake, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, simu mkononi na kitenge begani.

"Shikamoo baba," Coleta alisema.

"Marahaba mama. Habari za hapa?"

"Nzuri baba. Za Kate?"

"Za Kate njema. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo baba, wako shule."

"Na baridi?"

"Baridi tunayo, tunashindana nayo."

"Haya. Na mama yako, kile kifua?"

"Kimepungua, baba. Asante kwa kuuliza."

Fransiska alikuwa bado amesimama. "Mkimaliza mniambie," alisema. "Nijue kama nikae au nikainjike maharage kabisa."

"Wewe nyamaza," mzee alisema akicheka. "Haraka yako ndiyo imetuleta huku."

Shida yao ilikuwa hii. Kampuni moja ya Lusaka inayosaga unga wa uji ilikuwa imekubali kununua ulezi wa kikundi. Lori lingepitia mpaka wa Kasesya na kufika Kate Alhamisi ya wiki iliyofuata, tarehe kumi na mbili. Lakini mwaka huo mvua ilichelewa kukatika, na ulezi ulikuwa bado na unyevu. Dereva huja na kipimo. Ulezi ukishindwa kipimo, lori linageuka tupu, na kwa makubaliano yao, likigeuka tupu mara moja mkataba umevunjika. Walitaka lori lisogezwe mpaka tarehe ishirini na sita. Kampuni ilikuwa imeshasema kwamba mabadiliko ya tarehe yaje kwa barua pepe, si kwa simu, na kwa Kiingereza.

"Si tulishaandika?" Fransiska alisema. "Mzee aliniambia kwa Kiswahili, nikaingiza kwenye simu, ikatafsiri, nikatuma. Na wamejibu!"

"Wamejibu vizuri," mzee alisema. "Yule mama ni mtu wa watu. Amerudisha salamu zote. Sasa tunangoja ajibu lile jambo. Ila siku zinakwenda, nikasema tuje tukuulize, huwa wanachukua muda gani kati ya salamu na jambo?"

Coleta aliomba simu. Jibu lilikuwa la mistari miwili, kutoka kwa Sharon Mwila, ofisa manunuzi. Aliwashukuru kwa maneno yao mazuri na kuwatakia heri watu wote wa Kate. Chini kabisa simu yake ilikuwa imejiandikia kwamba ujumbe umetumwa kutoka kwenye simu.

Akafungua ile barua ya kwanza. Ilianza kwa kutumaini kwamba Sharon ni mzima wa afya. Ikaja kazi, nyumba, watoto, wazazi, majirani. Ikaeleza kwamba wao Kate ni wazima na wanaendelea na ujenzi wa taifa. Ikakumbuka safari yake ya kuja Kate kuutazama ulezi. Coleta alisukuma kwa kidole gumba, akasukuma tena, akasukuma tena. Lori lilikuwa chini kule, baada ya "dhumuni la barua hii", limebanwa kati ya mvua na baraka za Mungu.

"Baba," alisema, "huyu hangoji kitu. Amemaliza. Ameona salamu, amerudisha salamu, amefunga simu."

Mzee alimtazama. "Amefunga vipi na mimi sijasema shida yangu?"

"Umeisema, ila hakufika."

"Hakufika kwenye barua yenyewe?"

"Ofisini kwao barua pepe ni nyingi. Mtu anasoma mistari ya juu akiwa amesimama, anaamua hii ni ya nini."

Fransiska alikaa. Kitenge kilimtoka begani wala hakukiokota. "Kwa hiyo lori linakuja Alhamisi," alisema.

"Linakuja, kama hatuandiki leo."

Coleta akafungua kompyuta na kuandika haraka, alivyozoea kuandika za watu wa hoteli. Mzee akamwomba amsomee kwa Kiswahili, maana jina litakalokaa chini ni lake. Coleta akasoma: "Ndugu Mwila. Tafadhali usitume lori tarehe kumi na mbili. Ulezi haujakauka. Tuma tarehe ishirini na sita. Asante."

Nje fundi alikuwa akijaribu honi ya bodaboda.

"Mama," mzee alisema polepole, "huyu mgeni amekula kwangu. Mke wangu Dominika aliteguka mguu siku ile akimchotea maji, na huyu mama ndiye aliyepiga magoti akamfunga bandeji kwa kitambaa chake mwenyewe. Leo nimpigie kelele kama mbuzi aliyeingia shambani? Hapana. Bora lori lije ligeuke."

"Mzee!" Fransiska aliruka. "Ligeuke? Ulezi wa kaya zote?"

"Nimesema sitatia jina langu hapo."

Coleta hakubishana naye. Kwanza alijua mzee ana haki. Hata Mwingereza angeisikia barua yake hiyo fupi kama mlango uliofungwa kwa teke. Pili, udadisi ulikuwa umemshika. Akageuza kiti.

"Baba, nisaidie. Umemuuliza Sharon habari za wazazi. Ulitaka nini hasa pale?"

"Salamu ni salamu."

"Ndiyo, lakini mimi leo hukuniuliza wazazi tu, umeniuliza kifua cha mama."

Mzee akafikiri. "Baba yake alikuwa amelazwa. Alikuja kwetu huku moyo uko hospitali. Alitoka nje mara mbili kupiga simu. Sasa nitaandikaje bila kuuliza baba yake?"

"Na watoto?"

"Watoto... hao ni kawaida. Sijui hata kama anao."

"Majirani?"

Fransiska alicheka kwa mara ya kwanza. "Majirani wa Lusaka mzee anawajulia wapi!"

"Ile ni heshima ya jumla," mzee alijitetea.

"Basi hiyo ya jumla, Kiingereza cha ofisini hakina pa kuikalisha," Coleta alisema. "Ila ya baba yake inakaa. Mstari mmoja, juu kabisa. Atajua umemkumbuka yeye na si mtu mwingine."

Waliendelea hivyo, salamu moja baada ya nyingine, kama watu wanaopepeta. Coleta alieleza kwamba juu ya barua pepe kuna kichwa, sawa na ile YAH, yaani yahusu, ya barua za serikali, ila hiki msomaji hukiona kabla ya kufungua. Kwa hiyo lori na tarehe zote mbili zikae hapo. Kumpa mtu jambo lako mapema, alisema, kule ni namna ya kumheshimu, kwa sababu hujamla muda wake. Mzee hakuamini mara moja. Aliuliza kama mtu akienda Lusaka kwa miguu anaruhusiwa kusalimia kwanza. Coleta akasema Lusaka kwa miguu wanasalimiana kama Kate, pengine kuzidi. Ni barua ya kazi tu ndiyo yenye tabia hii.

"Na lile 'tuma'?" mzee aliuliza. "Hilo limenichoma."

"Hilo tunaliondoa. Kiingereza kikitaka kuomba, kinauliza."

Akaandika, akageuza kioo wote waone. Juu: Request to move millet truck from 12 June to 26 June. Kisha: Dear Ms Mwila, We hope your father is feeling better. Could you please send the truck on Thursday 26 June instead of 12 June?

Akasoma yote kwa Kiswahili. "Mpendwa Bi. Mwila. Tunatumaini baba yako anaendelea nafuu. Je, ungeweza kututumia lori Alhamisi tarehe ishirini na sita badala ya kumi na mbili? Mvua ilichelewa kukatika na ulezi bado una unyevu, hautapita kipimo chenu. Tunaomba radhi kwa kubadili. Tutashukuru ukitujibu kabla ya Jumatatu jioni. Mama Dominika na kikundi kizima wanakusalimu. Isdori Tenganamba, Mwenyekiti."

"Salamu zimehamia mwishoni," mzee alisema.

"Nyingine ndiyo, baba. Zinasindikiza."

Mzee alirudia kwa midomo bila sauti: baba yako, lori, mvua, radhi, Dominika. "Tuma," alisema.

Walikwenda kula kwa mama lishe wa stendi. Basi la Kate lilikuwa bado linajaza. Coleta hakuondoka kwenye kompyuta. Mteja wa kopi za vyeti alirudishiwa kurasa zimepinduka, akalalamika, akarudishiwa upya. Saa tisa kasoro jibu likaingia, akalifungua kwenye simu yake, akavuka barabara akikimbia na simu juu kama tochi.

Sharon alikubali. Lori lingekuja ishirini na sita, dereva ameshaambiwa. Aliomba radhi kwamba kwenye barua ya kwanza hakuliona ombi. Halafu, chini: baba yake alikuwa nyumbani sasa na jana alitembea mwenyewe hadi getini. Mguu wa Mama Dominika unaendeleaje?

Fransiska alipiga kigelegele kifupi, kondakta akageuka. Mzee Isdori aliomba asomewe mstari wa mwisho mara ya pili.

"Haya, andika," alisema.

"Niandike nini tena, baba? Jambo limekwisha."

"Ndiyo, limekwisha. Sasa ndiyo tuzungumze. Mwambie mguu umepona ila baridi ikiuma unamsumbua. Mwambie nimefurahi baba kufika getini. Mwambie kile kitambaa Dominika amekifua, amekitunza."

"Mzee, basi!" Fransiska alisema, maana lilikuwa limewashwa.

"Litangoja. Na mvua..."

"Mvua tumeshaiandika, baba."

"Basi mvua iache."

Coleta alikuwa amesimama katikati ya stendi akiandika kwa vidole viwili, na kwa mara ya kwanza tangu Arusha hakuwa na hakika barua ya namna hii hupewa kichwa gani.

"Huku juu niweke nini, baba?"

Mzee, mguu mmoja ukiwa kwenye ngazi ya basi, alimshangaa kidogo kwa swali rahisi namna ile.

"Si ulisema panakaa jambo lenyewe? Weka mguu wa Dominika."