Barua Pepe ya Mama Nafasi

Wifi yangu ana maneno matamu, na siku moja hayo maneno matamu nusura yamtoe mtu kazini.

Sisi wawili tuna ofisi ya wakala wa ajira, juu ya duka la vioo. Ofisi yenyewe ni chumba kimoja: meza mbili, kabati la chuma ambalo droo yake ya chini haifungi, na kiti cha wageni ambacho kila anayekikalia hujikuta anateleza mbele polepole. Mwenye ofisi ni yeye, mke wa kaka yangu. Watu wanamwita Mama Nafasi, kwa kuwa ukikutana naye sokoni au msibani atakuuliza kwanza kama unakofanya kazi kuna nafasi. Mimi napokea simu, nahakiki vyeti, na ninapopata muda namsema. Wifi asiposemwa na wifi yake, atasemwa na nani?

Barua pepe ilianzia kwenye simu. Waajiri walikuwa wanapiga kutwa kuuliza mambo yale yale. Mtatuletea watu wangapi? Tunalipa lini? Na ni kweli mnawatoza wanaotafuta kazi? Hilo la mwisho lilikuwa linamchoma mwenzangu, maana mjini wapo mawakala wanaomlia fedha mtu asiye na kazi, kisha wanahama ofisi. Siku moja akasema basi, sasa anaandika waraka mmoja, autume kwa waajiri wote, tupumue.

Aliuandika asubuhi nzima, chai ikapoa pembeni. Kwa kweli aliuandika vizuri. Alieleza kwamba mwajiri akituambia nafasi iliyo wazi, tunakaa naye kwanza kujua kazi yenyewe ni ipi na mshahara wake ni kiasi gani. Kisha tunatangaza, tunapitia orodha ya watu wetu, tunawahoji, tunapiga simu kwa waajiri wao wa zamani, na tunampelekea watu watatu au wanne. Kuchagua ni juu yake. Akighairi katikati, hatudai ada. Ada inakuja pale tu mtu wetu anapoanza kazi. Siku hiyo ndiyo tunatuma ankara, na anayelipa ni mwajiri, siyo mfanyakazi, hata senti moja. Na mwajiri akimkataa mtu wetu leo, kisha akamwajiri kimyakimya ndani ya mwaka huo, ada iko pale pale.

Angeishia hapo tungekuwa salama. Lakini wifi yangu hawezi kumaliza kuongea bila kumfurahisha mtu. Akaongeza aya ya dhamana: "Na kama mtu tuliyekuletea hatakufaa kwa sababu yoyote ile ndani ya miezi mitatu ya kwanza, usiwe na wasiwasi. Tutakuletea mwingine bila ada ya pili." Akanisomea kwa sauti, mkono kifuani kama anayehutubia.

"Imekaaje, wifi?"

"Imekaa. Tuma tunywe chai."

Majibu yalikuja ya shukrani, mengi mafupi. Halafu likaja la daktari wa meno.

Huyu daktari tulikuwa tumempatia mhudumu wa mapokezi, mama wa makamo aliyekuwa amekaa bila kazi muda mrefu baada ya hoteli alikokuwa akipokea simu kufungwa. Pale kliniki wauguzi walimpa jina la Bi Taratibu, kwa sababu hata kalamu anaishika kama ina usingizi asiotaka kuukatiza. Miezi yake mitatu ilikuwa inaelekea ukingoni. Daktari aliandika kwa adabu zote: kwa kuwa muda wa dhamana unakaribia kwisha, anaomba aletewe mtu mwingine kama ilivyoelezwa.

Mama Nafasi akampigia papo hapo, simu akaiweka kwa sauti ya juu na mimi nisikie.

"Daktari, shikamoo ya kazi. Amekosea nini huyu mama?"

"Hajakosea kitu."

"Anachelewa? Anawajibu watu vibaya?"

"Hapana, hapana. Anawahi hata kuliko mimi. Ni mtu mwema. Ila nimeona kwenye barua yako muda unaisha. Nikasema bora nibadilishe wakati bado inawezekana. Labda kuna mwepesi zaidi yake."

Wifi alipokata simu aliitazama ile simu kana kwamba imemtukana. Mimi nilitukana kwa niaba yake. Nilisema daktari mzima anambadilisha binadamu kama kiatu kilichobana, na kwamba tumwandikie kuwa hatuna mtu. Wifi yangu akatikisa kichwa.

"Siyo yeye, wifi. Ni mimi. Nimemwambia kwa sababu yoyote ile. Hata sababu ya kwamba muda unaisha."

Tulienda kliniki mchana ule ule. Sebule ya kusubiria ilikuwa imejaa watu wenye mashavu yaliyovimba na wenye mashavu mazima lakini roho juu. Ukutani picha ya jino kubwa linalotabasamu. Nyuma ya meza alikaa Bi Taratibu, kitambaa kimepigwa pasi, na kwenye kiti chake ameweka mto mdogo aliokuja nao kutoka nyumbani. Mto ule ndio ulionimaliza. Mtu haleti mto mahali asipotarajia kukaa.

Alituona akasimama, uso mzima unacheka.

"Karibuni, dada zangu! Najua mmekuja kuniulizia kwa daktari, si ndiyo? Maana mwisho wa mwezi huu natakiwa kuthibitishwa." Akainama, akapunguza sauti. "Nikithibitishwa tu, namchukua mama yangu nikae naye. Nimeshaongea na mwenye nyumba anipe chumba cha pili. Mama anapiga simu kila jioni, ananiuliza, vipi, tayari? Namwambia bado kidogo, mama."

Mama Nafasi alisema, "Inshallah, dada." Sijawahi kumsikia akisema maneno mawili tu.

Daktari alitupokea kwenye chumba chake akiwa bado na barakoa chini ya kidevu. Si mtu mbaya. Nilikuwa nimejiandaa awe mbaya, akaniharibia. Alituvutia viti mwenyewe. Barua pepe yetu alikuwa ameichapa, na ile aya ya dhamana ameipigia mstari.

"Mama, mimi nimefuata ulichoandika."

"Umefuata, daktari. Nimeandika mimi."

"Yule wa kwanza niliyemtafuta mwenyewe, kabla sijakujua, nilimthibitisha vizuri, mwezi uliofuata akaondoka bila kuaga. Wagonjwa wamefika, mlango umefungwa, simu zinalia. Niliaibika. Sasa najiuliza, huyu naye dhamana ikiisha kisha akaondoka, nitafanyaje? Nitaanza upya na kulipa upya."

Hapo ndipo nilipoelewa. Hakuwa anamkimbia Bi Taratibu. Alikuwa anaikimbia tarehe.

Wifi yangu akamwinamia kidogo. "Daktari, nikuulize kitu kimoja, unijibu kama unavyomjibu mkeo. Kama ile barua ningeiandika bila muda wowote, leo ungekuwa unatafuta mtu mwingine?"

Daktari aliiangalia karatasi. Akaangalia mlango. Nje ilisikika sauti ya Bi Taratibu ikimwambia mtu kwamba akae tu, asiogope, ataitwa, na akiitwa atamsindikiza.

"Nisingetafuta," akasema.

"Basi tufanye hivi. Wewe mthibitishe kazini tarehe ile ile iliyopangwa. Mimi nakuongezea dhamana miezi mingine mitatu, kwa maandishi, leo leo. Akiondoka mwenyewe, au akiharibu kazi ukanionyesha alichoharibu, nakuletea mwingine bila ada. Lakini asitoke kwa sababu ya tarehe yangu."

Mimi nikamkanyaga mguu chini ya meza. Kazi ya kutafuta mtu ni matangazo, ni simu, ni siku nzima za mahojiano, naye anaigawa kama njugu! Hakuuondoa hata mguu. Daktari akampa mkono.

Tulipotoka, Bi Taratibu alikuwa anatungoja, mikono ameikunja mbele.

"Vipi, dada? Mmekuja kwa ajili yangu?"

Na wifi yangu, ambaye ana maneno ya kumtosha kila mtu mjini, akaitazama ile picha ya jino ukutani. Hakutaka kumdanganya, wala hakutaka mama wa watu ajue jinsi alivyoning'inia asubuhi hiyo bila habari. Akashika shavu.

"Nina jino," akasema.

Hilo halikuwa uongo. Analo jino bovu tangu nimjue, na anamwogopa daktari wa meno kuliko simba. Bi Taratibu akakaa, akafungua daftari la miadi taratibu, akamuuliza jina taratibu, akamtafutia nafasi taratibu, na kila alipoinua kalamu niliona jasho likimtoka wifi yangu kwenye paji la uso. Nilicheka hadi nikatoka nje.

Ofisini aliandika nyongeza ya dhamana, akaituma. Kisha akaifungua ile barua ya waajiri wote akaiandika upya. Aliyafuta yale maneno ya sababu yoyote ile. Akaandika kwamba dhamana ni ya pale mfanyakazi anapoondoka mwenyewe au anaposhindwa kazi tuliyokubaliana, na mwajiri atueleze ameshindwa wapi na amesaidiwa vipi kabla hajamwachisha kazi. Mwisho akaongeza: "Kama kinachokusumbua ni muda tu, tupigie kwanza. Muda tunaweza kuongeza." Safari hii hakunisomea kwa sauti. Aliniuliza tu kama kuna mahali pametiwa sukari. Nikamwambia hapana, chungu kama dawa.

Miadi ilipofika alitaka kughairi mara mbili. Bi Taratibu akampigia simu mara mbili, akamwambia kwa ile sauti yake isiyo na haraka kwamba anamsubiri. Nikamburuta.

Daktari alimlaza kwenye kiti, taa usoni. Ile mashine ilipoanza tu kulia, wifi yangu akakunja vidole vya miguu ndani ya viatu. Mlango ukafunguka. Bi Taratibu aliingia bila kuitwa, akasimama upande wa pili, akamshika mkono na kuupapasa, kama alivyozoea, nikajua baadaye, kwa kila mgonjwa mwenye hofu.

"Taratibu, dada," alimwambia. "Inakwisha. Mama yangu amefika juzi, anakusalimu. Amesema akupikie siku moja."

Daktari akaizima mashine. Alimwangalia yule mama, halafu akamwangalia wifi yangu, aliyelala mdomo wazi, pamba kila upande.

"Mama," akasema, "ile dhamana uliyoniongezea, ifute tu. Siihitaji."

Machozi yalimtoka wifi yangu pembeni ya macho yakamwingia masikioni, na Bi Taratibu, akidhani ni jino, akamfuta.