Wakonyo Aliomba Mwezi Mmoja

Ilikuwa mwaka wa 2022. Hapana, 2023, mwaka ambao mpwa wangu Wakonyo, karani wa kiwanda cha kahawa Gakindu, alipewa kazi kwenye shamba la maua kule Timau. Walimtaka aanze Jumatatu iliyofuata. Akawajibu kwa barua ya adabu, nami nikaipeleka, kwa kuwa nilikuwa naelekea huko:

“Nashukuru, na ninakubali nafasi hii kwa mshahara mliotaja. Hata hivyo, mkataba wangu wa sasa unanidai notisi ya mwezi mmoja. Naomba kwa heshima nianze tarehe mosi Juni.”

Meneja, Bwana Muthomi, aliisoma akiwa amesimama. “Ati anatupangia? Mzee, mwambie akae na kahawa yake. Wengine wamejaa hapo getini.”

Nikamfunulia barua yao wenyewe ya kumwajiri Wakonyo, aliyokuwa amenipa niibebe, pale walipoandika kwamba mfanyakazi wao hawezi kuondoka bila notisi ya mwezi mmoja. Akaniita mgomvi, akaniitia askari wa geti. Nikamwuliza nikisukumwa nje: “Bwana, kama angewatoroka wale wa kahawa ili akufurahishe, wewe ungemwamini vipi?”