Kidole Gumba Kwenye Picha za Sweta

Mama yangu alikuwa na imani moja kuhusu picha, na aliipata kwenye studio za Eldoret enzi za chama kimoja: picha ni ya mtu, mtu huyo asimame wima, asicheke, na miguu ionekane. Kama hakuna mtu, hiyo si picha, ni ushahidi wa polisi. Kwa hivyo siku niliponunua karatasi nyeupe ya manila na kumwambia tutapiga sweta zake zikiwa peke yake, tuziweke kwenye ukurasa wa kibanda mtandaoni, aliniangalia kana kwamba nimerukwa na akili.

"Mtu atanunua sweta kwa nani?" akaniuliza. "Kwa ukuta?"

Mama alikuwa akifuma sweta za shule kwa mashine ya mkono, hapo sokoni, tangu sijazaliwa. Kaka yangu mkubwa, anayekaa Nairobi, alikuwa ameamua kwamba umri wa Mama sasa ni wa kupumzika. Wateja walikuwa wamepungua na rundo la sweta limepanda mpaka linagusa turubai. Akambana Mama kwa simu hadi akakubali: shule zikikaribia kufunguliwa na biashara bado imelala, kaka atakuja na pikapu, abebe mashine aipeleke stoo kule nyumbani Ainabkoi, na Mama akae na kuku. Mama hapendi kuku. Husema kuku hana mazungumzo. Mimi nilikuwa nangoja kuajiriwa ualimu, nina simu nzuri kiasi na hasira nyingi, nikaapa mashine hiyo haiendi stoo.

Mara ya kwanza nilipiga picha palepale kibandani. Turubai letu lilikuwa la bluu, na mwanga ukipita kwenye turubai la bluu unashuka na ubluu wake. Sweta za kijivu zikatoka samawati, za kupendeza kabisa. Mama mmoja akaja kutoka Chepkoilel kufuata sweta ya samawati ya mtoto wake, akaonyeshwa ya kijivu, akatutolea maneno ambayo hata muuza samaki wa jirani, ambaye si mtu wa kushtuka, aliweka kisu chini asikilize vizuri.

Tukahamia nje, juani, saa sita mchana. Rangi zikawa za kweli, lakini kila mkunjo ulitupa kivuli cheusi, na mistari myeupe ya shingoni ikaungua ikapotea. Mama alitazama picha ile kwa furaha isiyofichika.

"Hii imechomwa na pasi," akasema. "Ningesimama mimi ingetoka poa."

Mahali pazuri nilipapata nyuma ya stoo ya mahindi ya hapo sokoni, asubuhi, kabla jua halijauzunguka ukuta: kivulini, lakini mbele pako wazi kwa anga, mwanga unakuja mpole. Niliweka meza, nikagundisha manila juu ukutani kwa selotepu, nikaiacha ishuke na kupinda taratibu juu ya meza bila kuikunja, ili nyuma ya sweta pasionekane pembe wala mstari. Nikajifunza pia kwamba simu ikiona weupe mwingi hudhani ni mwanga umezidi, inatia picha giza. Kwa hivyo unagusa kioo pale ilipo sweta, halafu unapandisha mwanga kidogo mpaka karatasi iwe nyeupe tena. Upande mmoja wa sweta ulibaki na kiza. Nikachukua kipande cha katoni, nikakivika foili ya jikoni, nikampa Mama akishike upande huo kirudishe mwanga kwenye sweta.

Hapo ndipo vita vilipoanza, kwa sababu Mama kila akishika katoni, kidole gumba chake kiliingia kwenye picha. Kidole chenyewe si cha kujificha. Mashine ilikibana zamani, kikapinda nje, na ukucha ukatandazika kama kijiko. Nami kila jioni nilikikata picha kwa picha.

"Unanikata?" Mama akauliza siku aliponifumania.

"Si wewe, Mama. Ni kidole tu."

"Na kidole ni cha nani?"

Ukurasa ukawa safi, nikajisifu mwenyewe. Halafu hakuna aliyenunua. Nilifungua simu nikakuta, "Hizi picha mmetoa China." Mwingine: "Ukurasa safi hivi ndio ulikula pesa yangu mwaka jana. Matapeli." Picha zangu zilikuwa zimependeza mpaka zikaonekana za wizi. Nililia, nasema ukweli, nikiwa nimekaa juu ya rundo lilelile, na Mama akaniletea chai bila kunicheka, jambo lililoniumiza zaidi kwa sababu nilijua ameshaanza kuiaga mashine. Nilimkuta akiipaka mafuta wakati haina kazi.

Asubuhi iliyofuata mawingu yalikuwa yanakuja. Nikapiga sweta ya maruni haraka haraka na kuipandisha mtandaoni bila kukata chochote. Matone yakaanza, tukakimbia na meza. Kufikia mchana mwanamke mmoja alikuwa ameandika: "Ngoja! Hicho kidole nakijua! Kilinipima mabega nikiingia standard one, enzi za maziwa ya shule!" Chini yake mwingine: "Kilinidunga shingo, kikaniambia simama wima." Mwingine: "Kumbe Mama bado ako? Nakuja na watoto watatu."

Wakaja. Walikuja watu wazima wenye vitambi, wakishika watoto mkono, wakiomba kwanza waonyeshwe kidole. Mama alikitoa kwa heshima zote, kisha akakitumia kuwadunga watoto shingoni. Rundo likashuka, likaisha, mashine ikaanza kulia mchana kutwa. Sikukata kidole tena.

Kaka alifika na pikapu mkesha wa shule kufunguliwa. Alikuta foleni, lakini ni mtu mgumu.

"Ni msimu tu, Mum," akasema. "Wiki ijayo hawa wote wameenda. Pikapu nimeshalipia, mashine tunabeba jioni."

Mama aliendelea kufuma, na mabega yake yalishuka. Ahadi ni ahadi kwake. Nikataka kumrukia kaka, lakini kulikuwa na sweta ya kijani iliyotoka tu mashineni, asubuhi ilikuwa inaisha, na Mama hawezi kuinuka mashineni, foleni inamngoja. Nikamvuta kaka nyuma ya stoo, nikampa katoni ya foili. Aliishika vizuri, mtu mrefu, ametulia, na kidole chake kikaingia pembeni: kinene, laini, ukucha umekatwa kama wa mtu wa benki. Nikaipandisha hivyohivyo.

Simu haikunyamaza. Mama hakuwa na miwani, akamwambia kaka amsomee. Akasoma kwa sauti, mbele ya foleni yote.

"'Hicho si kidole cha Mama.'" Akaendelea. "'Mmeuza ukurasa?' 'Matapeli wameingia.' 'Hicho kidole hakijawahi kufanya kazi.'" Muuza samaki akacheka mpaka akakaa chini. Sauti ya kaka ikapungua. "'Mama ako wapi? Mmempeleka wapi?'"

Mashine ilikuwa imenyamaza.

"Wajibu basi," Mama akamwambia taratibu. "Wanauliza nimepelekwa wapi."

Kaka akatazama mashine, kisha pikapu. Halafu akaandika, kwa kidole kilekile: "Ako kibandani. Haendi mahali."

"Na hiyo foili usiikunje," Mama akasema, akivuta uzi. "Kesho tunaihitaji."