Kibao cha Mistari Miwili

Ofisini walimwita Bi Herufi, naye aliitika. Alikuwa amefundisha lugha ya majirani wa ng'ambo ya mpaka kwa miaka ishirini na miwili, mpaka shule ilipolifuta somo lake kwa kukosa wanafunzi. Mume alishatangulia mbele ya haki, watoto hawakujaliwa. Ofisi ya kutafuta ndugu waliopotezana ilipotangaza kwamba inamtaka mtu anayesoma maandishi ya pande zote mbili za mpaka, alipeleka barua yake siku hiyo hiyo.

Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido, baada ya stoo ya karatasi. Kulikuwa na meza, taa ya kuinamisha, lenzi ya mkononi na makabati mawili ya kadi. Kila kadi ilibandikwa picha ya kibao cha barabarani kutoka mji fulani wa mpakani, na pembeni mwenyewe ameandika kwa penseli lugha ipi iko juu, ipi iko chini, neno limetafsiriwa au limeandikwa kwa sauti tu. Wenzake walipita wakicheka kwenda kunywa chai. Hawakumgongea. Si kwa ubaya, walishazoea kwamba Bi Herufi yuko kazini.

Siku ile mapokezi walimletea mwanamke wa makamo, mshonaji, uzi bado umemganda kwenye mkono wa blauzi. Alikuwa anamtafuta mdogo wake wa kiume.

"Aliondoka siku ya tatu baada ya kumzika baba," alisema. "Hakuaga mtu. Mwaka huu unakuwa wa tisa. Katikati akatuma picha hii moja, haina hata salamu."

Pichani kijana alisimama kando ya baiskeli, mbele ya duka la dawa. Juu ya bega lake kilionekana kibao cha mtaa, kona moja imekatwa.

Bi Herufi aliinamisha taa. Akapitisha lenzi juu ya kibao. Halafu akatabasamu peke yake.

"Sogea, mwanangu. Unasoma nini hapa juu?"

"Barabara ya Stesheni."

"Barabara ya Stesheni iko kila mji uliopitiwa na reli. Kwa mstari huo peke yake tungezunguka nchi nzima mpaka tuzeeke. Na huu wa chini?"

"Hayo si maandishi yetu."

"Ni ya majirani. Nayo yangekuwa peke yake, tungesema yuko kwao, popote kule. Lakini yako pamoja. Vibao vya namna hii viko ukanda wa mpakani tu."

Mshonaji alivuta kiti. "Upande gani sasa?"

"Wetu. Huku sheria inaweka lugha yetu juu. Kule wanaweka yao. Tena si kila wilaya ya mpakani. Mpaka watu wa lugha ile wafike moja ya tano ya wakazi ndipo serikali inaandika vibao mara mbili. Wilaya hizo ni kumi na moja."

"Na duka la dawa? Nalo limeandikwa mara mbili."

"Hilo liache. Mwenye duka anaandika anachotaka ili apate wateja, hata kule mji mkuu wapo wa hivyo. Kibao cha serikali ndicho kinachofungwa na sheria."

Tangu aache kufundisha, hakuna aliyewahi kumuuliza swali la pili. Maneno yakamtoka kama maji. Akafungua kabati, akatandaza kadi mezani. Katika wilaya zile kumi na moja, miji yenye stesheni ni mitano. Mitatu huitafsiri stesheni kwa neno la majirani wenyewe. Miwili huandika neno letu lile lile kwa herufi zao, vile linavyosikika. Na kibao cha pichani kilikuwa kimeandikwa hivyo.

"Kwa hiyo ni miji miwili," mshonaji alisema taratibu.

"Miwili tu."

Ndipo Bi Herufi alipokumbuka ahadi ya ofisi, ile iliyobandikwa hata mlangoni: anayetafutwa akipatikana, ataulizwa kwanza kama anataka alipo pajulikane. Akakusanya kadi haraka. Majina ya miji hakuyataja. Lakini kadi zilikuwa mezani na majina yake, na mshonaji alikuwa na macho.

Zikapita wiki tatu. Mjumbe wa ofisi kule mpakani akapiga simu. Amempata, ana kibanda cha kutengeneza baiskeli. Amemwonyesha fomu, ameisoma mpaka mwisho, na amejaza kwamba hataki.

"Kasema nini?" Bi Herufi aliuliza.

"Kasema hana ugomvi na dada yake. Ila akionana na watu wa nyumbani atarudi kuwa yule yule wa zamani, na yule hamtaki tena."

Mshonaji aliitwa. Bi Herufi alimkalisha, akamweleza neno kwa neno.

"Ni mzima?"

"Mzima kabisa. Anafanya kazi."

"Na wewe unajua alipo."

"Najua."

"Mimi niliyembeba mgongoni sijui, wewe usiyemjua unajua." Hakupandisha sauti. Aliichukua picha yake, akaondoka.

Baada ya siku kumi alirudi, akaingia bila kupitia mapokezi.

"Nimekwenda," alisema akiwa amesimama. "Mji wa kwanza sikumwona. Wa pili nimelifuata duka la dawa. Nimekaa kwenye ngazi upande wa pili wa barabara tangu saa nne mpaka adhuhuri. Alikuwa anajaza upepo tairi la mtoto wa shule. Ana mvi, mama. Mdogo wangu ana mvi."

"Ulimwita?"

"Hapana. Mara moja aliinua kichwa, akanitazama hivi, halafu akainama tena. Sijui kama alinijua. Miaka tisa, na mimi nimenenepa." Alijaribu kucheka. "Nyumbani nimewaambia nilikwenda kutafuta vitambaa. Sina mwingine wa kumwambia ila wewe."

Bi Herufi alimshika mkono. Wakakaa hivyo, kila mmoja anatazama upande wake, mpaka mshonaji alipojifuta uso na kuaga.

Alipotoka tu, Bi Herufi alikwenda kwa mkuu wa ofisi akamweleza yote.

"Ulimtajia mji?" mkuu aliuliza.

"Sikumtajia. Nilimfundisha kuutafuta."

Mkuu alivua miwani, akaifuta muda mrefu. Hakumfokea, na hilo lilimuuma zaidi. Aliamua kwamba tangu siku ile picha zitafika kwa Bi Herufi ndani ya bahasha, bila jina wala ndugu. Wenye shida watapokewa mbele na watu wengine. Yeye atasoma kibao, ataandika jibu, basi.

Kabla mwezi haujaisha mjumbe akapiga simu tena. Kibanda cha baiskeli kimefungwa. Wenye vibanda vya jirani wanasema jamaa alipanda treni na begi moja, hakusema anakwenda wapi.

"Kumbe alimjua siku ile," Bi Herufi alisema.

"Nani?"

"Basi. Funga faili."

Alitamani mshonaji aambiwe, tena alitamani asijue kamwe, na hakuwa tena na ruhusa ya kuchagua. Aliuliza mara moja mapokezi kama yule mama mwenye uzi kwenye mkono wa blauzi amewahi kurudi. Walimjibu hawamkumbuki.

Bahasha ziliendelea kuja. Vibao vya stesheni, vya posta, vya zahanati, mstari juu ya mstari. Alikuwa hodari kuliko zamani, wakati mwingine akipata mji kwa nukta moja iliyosahauliwa na mchoraji. Aliandika jina la mji kwenye karatasi, akaikunja, akaipeleka mwenyewe mpaka mwanzo wa korido na kuitumbukiza kwenye kisanduku. Halafu alirudi chumbani, akafunga mlango, akavuta bahasha nyingine.